Sumo: Uzito Unaoshinda na Uzito Unaodai



Juzi nilikuwa kwa kinyozi nikisubiri zamu yangu. Televisheni iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikionyesha sumo, ile mieleka ya Wajapani ambayo majitu mawili yaliyopiga uwinda hukabiliana juu ya jukwaa la udongo. Kijana mmoja aliyekaa pembeni yangu akacheka, akasema, "Hawa nao wanamichezo? Ni wanene tu wanasukumana. Atakayekula zaidi ndiye bingwa." Mzee aliyekuwa kitini ananyolewa ndevu akamjibu bila kugeuza shingo: "Mwanangu, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi." Tukacheka sote, kinyozi akaomba asichekeshwe huku ameshika wembe.

Nimelitafakari jibu la yule mzee, nikaona kila mmoja alishika nusu ya kweli. Uzito unashinda sumo, hilo halina ubishi. Lakini uzito huohuo unaweza kumwangusha mwenye nao, na hata asipoanguka ulingoni, una namna yake ya kumdai baadaye. Leo nataka tuzifuate kweli hizo mbili.

Tuanze na pambano moja. Mwaka 1996, mwezi wa Julai, katika mashindano ya Nagoya, walikutana watu wawili ambao katika michezo mingine mingi ya kupigana wasingeruhusiwa kugusana. Mmoja aliitwa Konishiki, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Samoa. Katika siku zake za uzito mkubwa kabisa alizidi kilo 280. Mwingine ni Mainoumi, Mjapani mfupi ambaye hata kilo 100 zilimpa taabu kuzifikisha. Huyu Mainoumi alipotaka kuingia sumo ya kulipwa alikataliwa kwa ufupi, maana wakati ule sharti lilikuwa sentimita 173. Akaenda kwa daktari akapachikwa silikoni chini ya ngozi ya utosi, akarudi kupimwa, akapita.

Siku ile Mainoumi alimshinda Konishiki. Nitakuja kukwambia ilimgharimu nini. Lakini kwanza tuelewane: kushinda katika sumo maana yake nini?

Ulingo wao unaitwa dohyo. Ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa ukakaza, lililoinuka kama nusu mita kutoka sakafuni, na juu yake kuna duara lenye upana wa mita 4.55. Duara hilo limezungushiwa marobota membamba ya majani ya mpunga yaliyozikwa nusu ndani ya udongo. Sheria ya kushinda ni fupi. Ukimtoa mwenzako nje ya duara, umeshinda. Ukimfanya aguse chini kwa kiungo chochote kisicho wayo, umeshinda. Goti likigusa, kiwiko, kidole cha mkono, hata ncha ya nywele zake zilizofungwa, mchezo umekwisha. Hakuna pointi, hakuna raundi, hakuna kumbana mtu chini mpaka asalimu amri. Kuzunguka duara kumetandazwa mchanga laini uliofagiliwa vizuri, nao ni shahidi: kisigino kikigusa nje kidogo tu, kinaacha alama. Mwamuzi akikosea, wapo majaji watano wenye kimono nyeusi wanaoketi chini kuzunguka jukwaa. Hao hupanda, wakashauriana, na wakishindwa kukata shauri huamuru watu warudie.

Kikubwa kuliko vyote, sumo ya kulipwa haina madaraja ya uzito. Mtu wa kilo 100 anaweza kupangwa na mtu wa kilo 200, na akapigana naye. Hapo ndipo ule ulaji unapoanza kuwa na maana.

Sasa fikiria mwanzo wa pambano. Watu wawili wamechutama wakitazamana, kila mmoja nyuma ya mstari wake mweupe, na mistari hiyo imeachana sentimita 70 tu. Hakuna kengele wala filimbi. Wanasikilizana kwa pumzi, na wote wawili wakishagusa chini kwa mikono, wanarukiana. Mgongano huo wa kwanza unaitwa tachiai, na mara nyingi ndio unaoamua kila kitu. Mapambano mengi humalizika ndani ya sekunde chache tu.

Tuchukue hesabu ndogo, msikilizaji, wala haihitaji karatasi. Mmoja ana kilo 150, mwingine kilo 100. Wanagongana kila mmoja akija kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde, kisha wanaganda pamoja. Kwa kuwa kasi zao ni sawa, kilo 100 za yule mnene zinafuta kilo 100 za yule mwepesi, zinabaki kilo 50 zisizo na wa kuzipinga. Hizo kilo 50 sasa zinasogeza mwili wa pamoja wa kilo 250. Ni moja ya tano. Kwa hiyo wote wawili wanaendelea kwa moja ya tano ya kasi ya mwanzo, yaani sentimita 60 kwa sekunde, na wanaelekea nyuma ya yule mwepesi. Kutoka mstari wake hadi ukingo wa duara hazifiki mita 2. Mnene hajatumia ujanja wowote bado, na mwenzake tayari amepoteza ardhi.

Faida ya pili iko miguuni. Uwezo wa mtu kusukuma unategemea jinsi nyayo zake zinavyoshika udongo, na nyayo hushika kadiri zinavyokandamizwa. Mzito ana mshiko mkubwa zaidi, na ndiyo maana kumsukuma ni sawa na kusukuma kabati lililojaa: wewe ndiye unayeteleza. Wapiganaji hawa hawainui miguu wakisogea. Wanaiburuta, nyayo zikiwa zimelala juu ya udongo, magoti yamekunjwa, makalio yako chini. Uzito uliokaa tumboni na mapajani unashusha kiini cha mwili, na mwili ulio chini ni mgumu kuupindua.

Ya tatu ni jambo ambalo watu hulisahau. Kushikana katika sumo ni kushikana mkanda wa ule uwinda, unaoitwa mawashi. Sasa mtu akiwa na kitambi kipana, mikono yako itaufikiaje mkanda wake? Tumbo linakuwa ngome. Yeye anakufikia, wewe humfikii.

Kwa sababu hizo haishangazi kwamba katika orodha rasmi ya njia 82 za kushinda, zile zinazoonekana zaidi ni mbili tu, na zote ni za kusukuma. Yorikiri ni kumshika mtu mkanda, kifua kwa kifua, ukamtembeza hadi nje. Oshidashi ni kumsukuma nje kwa viganja bila kumshika mkanda. Kwa kazi hizo mbili, kilo ni mali.

Na tusidhani kilo hizo ni mafuta matupu. Watafiti wa Japani walipopima miili ya wanasumo wa juu walikuta kwamba ukiondoa mafuta yote, baadhi yao bado wanabaki na kilo 100 au zaidi za misuli, mifupa na viungo vingine. Uzito usio na misuli chini yake hauendi popote. Ushahidi ni Orora, Mrusi aliyefika kilo 292.6, uzito mkubwa kuliko wa mwanasumo mwingine yeyote wa kulipwa. Alistaafu mwaka 2018 bila kuwahi kugusa madaraja mawili ya juu. Yule mzee wa kwa kinyozi angefurahi kumjua.

Basi mwepesi anashindaje? Waswahili wana neno: mwenye nguvu mpishe. Katika sumo neno hilo linafuatwa kwa miguu. Mzito anaporuka mbele katika tachiai, kasi yake haiwezi kusimama papo hapo, maana kilo zilezile zinazomfanya asizuilike ndizo zinazomnyima breki. Mwepesi akichepuka hatua moja na kumgonga bega kwa juu, jitu linakwenda na njia yake, likijisukuma lenyewe. Au mwepesi anazama chini ya kifua, anashika mkanda kutoka ubavuni, kisha anamkata mtama au anavuta mguu mmoja. Mtu wa kilo 250 aliyeondolewa mguu mmoja hana namna ya kuurudisha mwili wake. Mti mkubwa ukishaanza kulala, haukamatiki.

Ukitaka kujua mapema nani anaanguka, usitazame mikono yao. Tazama miguu ya yule mzito. Magoti yakinyooka, na nyayo mbili zikijipanga sambamba badala ya moja kutangulia, ujue uzito wake umeacha kuwa ngome na umekuwa mzigo.

Ndivyo Mainoumi alivyoishi, kwa kuzama chini na kushughulika na miguu ya watu. Turudi basi Nagoya. Alimshinda Konishiki, ndiyo, lakini jitu lilipoanguka lilimwangukia juu ya mguu, na goti lake likaumia vibaya. Mshindi akatoka ulingoni akiwa majeruhi, na goti hilo lilimkalisha nje na kumporomosha daraja.

Sheria za sumo zenyewe zinaitambua hatari hii. Iwapo wawili wanaanguka pamoja, na yule wa chini amekwisha kupoteza mwili wake kabisa, hana namna ya kujiokoa, basi yule wa juu anaruhusiwa kutanguliza mkono chini ili asimponde mwenzake. Mkono huo hauhesabiwi kuwa kushindwa. Ni mkono wa huruma uliowekwa katika kanuni.

Sasa tuingie katika deni lenyewe. Uzito huu unatafutwa kwa utaratibu. Wapiganaji huamka alfajiri na kufanya mazoezi makali bila kutia kitu tumboni. Karibu na adhuhuri ndipo wanakula, tena wanakula kwelikweli. Chakula chao mashuhuri ni chanko, chungu cha mchuzi chenye kuku au samaki, kabichi, tofu na mboga nyingine. Chungu hicho hakina ubaya. Kinachonenepesha ni mabakuli ya wali yanayofuatana nacho, bia, na usingizi mzito mara baada ya kula.

Hapa sayansi ilipata mshangao. Watafiti wa Kijapani waliwapiga wanasumo picha za ndani ya mwili wakitazama mafuta yamekaa wapi. Kwa mtu wa kawaida mwenye kitambi, mafuta mengi hukaa ndani, yamezingira ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoharibu kazi ya insulini na kupandisha sukari na mafuta ya damu. Kwa wanasumo wanaofanya mazoezi kila siku, sehemu kubwa ilikuwa nje, chini ya ngozi. Wengi wao sukari yao ilikuwa ya kawaida. Mazoezi yale makali yanazuia mafuta yasijazane ndani.

Lakini ona mtego ulivyo. Kinachomlinda ni kazi, si mwili. Siku akiumia goti akalala miezi mitatu, au akistaafu akiwa na miaka 33, kazi inakoma na njaa inabaki ileile. Bakuli halipungui kwa sababu mtu amestaafu na kukatwa nywele za sumo. Ndipo mafuta yanapohamia ndani, na sukari na shinikizo la damu vikafuata. Uchunguzi wa Kijapani uliofuatilia vifo vya wanasumo ulikuta kwamba walikufa mapema kuliko wanaume wenzao wa rika lao, na waliokuwa wanene zaidi kwa urefu wao ndio walioishi muda mfupi zaidi.

Wengine hawasubiri kustaafu. Mchukue Onokuni, aliyefikia cheo cha yokozuna, ubingwa mkuu ambao hakuna juu yake. Novemba 1988, bingwa mwenzake Chiyonofuji, mwepesi wa kilo 120 na kidogo, alikuwa ameshinda mapambano 53 mfululizo. Siku ya mwisho ya mashindano akapangwa na Onokuni, mwenye zaidi ya kilo 200, na mfululizo ule ukakatika hapo. Uzito ulisema neno lake. Lakini Onokuni huyohuyo alikuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mafuta ya shingoni hulemea njia ya hewa mtu anapolala. Anakoroma, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta hewa, na hivyo hivyo mara nyingi kila usiku. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Septemba 1989 alimaliza mashindano ameshinda mara 7 na kushindwa mara 8, fedheha kubwa kwa yokozuna. Mwaka 1991 akastaafu.

Kisha yako magoti. Goti la mtu anayetembea hubeba mara mbili au tatu ya uzito wake kwa kila hatua. Zidisha hilo kwa mtu wa kilo 170 anayesukumwa kinyumenyume na mtu wa kilo 170, kisha aanguke kutoka jukwaani hadi sakafuni. Anayejua mateso hayo kuliko wote ni Terunofuji, Mmongolia aliyepanda haraka hadi cheo cha ozeki, hatua moja chini ya yokozuna, mwaka 2015. Magoti yakaharibika, akafanyiwa upasuaji, na kisukari kikamshika akiwa bado kijana. Akawa anakosa mashindano, na katika sumo asiyepigana hushushwa. Alishuka daraja baada ya daraja, mpaka Machi 2019 akajikuta katika daraja la pili kutoka chini, akipigana na vijana wanaoanza. Alimwomba mwalimu wake amwache aondoke, mwalimu akakataa, akamwambia atibiwe kwanza.

Akatibiwa, akarudi. Julai 2020 alitwaa ubingwa wa daraja la juu, na mwaka 2021 akawa yokozuna. Lakini hakurudi akiwa mtu yuleyule. Zamani alikuwa akirudishwa hadi ukingoni, kisha anamnyanyua mtu kwa nguvu za mgongo na magoti. Aliporudi, alijitahidi kusonga mbele, akambana mtu mikono asipate nafasi, akamtoa taratibu. Alikuwa ameelewa kwamba magoti yake yanaweza kuubeba uzito wake ukienda mbele, lakini hayawezi tena kuusimamisha ukirudi nyuma. Januari 2025 yalimshinda kabisa, akastaafu akiwa na vikombe 10.

Na Konishiki? Alistaafu mwaka 1997 akiwa amebeba ubingwa mara tatu, bila kufika yokozuna. Mwaka 2008 alikwenda hospitali akafanyiwa upasuaji wa tumbo ili apunguze kilo zilezile alizozitafuta kwa miaka mingi. Mwenzake kutoka Hawaii, Akebono, mgeni wa kwanza kuwa yokozuna, mrefu wa sentimita 203 na mwenye kilo zaidi ya 230, alifariki mwaka 2024 kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Alikuwa na miaka 54.

Kwa hiyo, msikilizaji, yule kijana wa kwa kinyozi nisingependa aache kucheka, kicheko ni afya. Ila siku nyingine sumo ikiwa kwenye televisheni, namwomba aangalie bandeji zilizofungwa magotini kabla ya kuangalia matumbo. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walijua jinsi mtazamaji anavyoona. Na wewe unayesikiliza, ikiwa unakula kama mwanasumo bila kuamka alfajiri kama mwanasumo, kapime sukari na shinikizo la damu wiki hii. Na kama wa nyumbani kwako wanakwambia unakoroma hadi pumzi inakatika, mwambie daktari hilo pia.